Bango la Siku 1,355

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliuandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama sahani.

Kazi yangu ni kuchora mabango hapa Isevya: majina ya maduka, bei za chipsi, "Usikojoe Hapa". Mimi Mzaramo. Dunia imenigonga Dar, ikanigonga tena Morogoro, nikapanda treni hadi Tabora nikidhani huku itakuwa imechoka. Nikakutana na Anifa, fundi cherehani wa mtaa wa pili, nikapeleka posa. Posa nzuri, isipokuwa nilikuwa nimesahau kwamba Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara. Kuposa kwa mtani ni kujipeleka sokoni ukiwa mbuzi.

Shangazi yake, Bi Mwamvita, ndiye aliyemlea. Alifundisha hesabu shule ya msingi hadi alipostaafu.

"Wazazi wa Anifa, Mungu awarehemu, walioana tarehe ishirini na tisa Februari, mwaka tisini na sita," aliniambia. "Walihusia naye aolewe tarehe hiyo. Basi harusi ni ishirini na tisa Februari ijayo. Utakuwa na nyumba?"

Kiwanja ninacho, na msingi umefika kwenye goti. Nikawaza haraka: Februari ya siku ishirini na tisa huja kila baada ya miaka minne. Sasa ni 2026. Ongeza nne: 2030. Miaka minne! Kwa muda huo hata kobe anaezeka bati.

"Shangazi," nikasema kwa kifua, "siku hiyo nyumba isipokuwa na bati, posa ivunjwe."

"Umesikia, Anifa?"

"Nimesikia," akasema Anifa. Akatabasamu. Tabasamu lile nililielewa vibaya.

Kesho yake, tarehe kumi na nne Juni, nikachora bango, nikalitundika mlangoni pa karakana: HARUSI YA MAJIDI, ZIMEBAKI SIKU 1,355. Wateja walicheka, nikacheka nao. Alasiri Bi Mwamvita akapita na Anifa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Mzaramo. Siku hizi umezipata duka gani? Maana wamekuzidishia."

Nikamweleza hesabu yangu: 2026 jumlisha nne.

"Nne unaihesabu tangu leo? Wewe ndiye uliyeanzisha kalenda? Gawanya elfu mbili na thelathini kwa nne."

Nikagawanya kwa kidole hewani. "Inabaki mbili."

"Basi Februari yake inaishia ishirini na nane. Ukija na kanzu yako tarehe ishirini na tisa, utakuta Machi mosi inafagia uwanja. Sasa gawanya mwaka huu tulionao."

"Inabaki mbili pia."

"Ili igawanyike, unaongeza ngapi?"

"Mbili."

"Elfu mbili ishirini na nane. Jumanne, siku chache baada ya Idi. Pilau itakuwa bado inanukia mtaani."

"Lakini shangazi, siku zenyewe..."

"Tuzihesabu. Babu zetu walibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka pwani kwenu, na hawakupotea, kwa sababu walihesabu kituo kwa kituo. Kituo cha kwanza: leo hadi mwisho wa Desemba."

Anifa alikuwa ameshatoa chaki yake ya kukatia nguo, anaandika kwenye mlango wangu. "Juni zimebaki kumi na sita," akasema. Akaendelea mwezi kwa mwezi, kisha akapigia mstari. "Mia mbili."

"Kituo cha pili, 2027 mzima."

"Mia tatu sitini na tano."

"Cha tatu, Januari na Februari yetu."

"Thelathini na moja, ishirini na tisa. Sitini." Akajumlisha. "Mia sita ishirini na tano."

Nikatazama bango langu. Siku mia saba na thelathini zilikuwa zimeyeyuka, na msingi bado uko kwenye goti.

"Na hata uongo wako umeukosea," shangazi akaongeza. "Ule mwaka wa ishirini na nane umeupa siku 365. Hiyo moja uliyounyima ndiyo harusi yako!"

Nikajaribu mlango wa mwisho. "Anifa, mwenzangu, tarehe ni ileile. Tuiruke hii, tuoane ya 2032. Ni siku 1,461 tu zaidi."

Anifa akachukua brashi yangu, akafuta 1,355, akaandika 625. Kisha akanikabidhi brashi.

"Tarehe haibadiliki, Majidi. Kinachoweza kubadilishwa hapo juu ni jina la bwana harusi."