Swali la Nane

Karatasi ya zamani ya maswali ilikuwa ikimtia Marivic Cabahug, ofisa wa utumishi, aibu hata kuishika. Swali lake la kwanza liliuliza: "Kwa nini unaacha kazi?" Ndani ya nusu mwaka watu arobaini na mmoja walikuwa wameondoka timu moja ya ghorofa ya saba, pale kampuni ilipopokea simu za wateja wa mahoteli ya ng'ambo, na thelathini na sita kati yao waliandika neno moja tu: kujiendeleza. Kujiendeleza wapi, jamani? Wengine walihamia jengo la jirani, kazi ile ile, mshahara ule ule. Mmoja alikuwa kwao Talisay anakaanga samaki.

Sababu haikuhitaji mganga. Karatasi ile ilibanwa pamoja na fomu ya kuondokea, ile yenye saini saba, na saini ya mwisho ilikuwa ya kiongozi wa timu. Bila saini zote hupati barua ya utumishi, na bila barua hiyo utazunguka jiji zima la Cebu bila kupokelewa kazini. Sasa mtu aandike kwamba kiongozi wake anamtesa, kisha ampelekee kiongozi huyo huyo asaini? Hata kichaa asingethubutu.

Kiongozi mwenyewe aliitwa Dindo Abellanosa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alitabasamu, alikuita "mpenzi", alikuletea kahawa, huku amekupimia dakika saba za choo kwa zamu nzima. Siku yako ya mapumziko ikifika, alikutumia ujumbe wa upole kwamba timu inakuhitaji, na kweli ukikataa hakukufukuza. Alikupangia tu simu za wateja wenye hasira, wiki nzima, hadi ujirudi.

Na sasa wakubwa walitaka kumpa ghorofa nzima, watu mia moja na sitini. Uamuzi ulikuwa wa mwisho wa mwezi ujao.

"Mteja wetu anauliza kwa nini watu hawakai," Madam Estrelita Ouano, mkuu wa utumishi, alimwambia Marivic. "Nitengenezee dodoso litakaloleta ukweli. Likisema Dindo hafai, hapati cheo. Likinyamaza, anapata. Basi."

Marivic alitoka ofisini humo karibu aimbe. Alikuwa na sababu yake. Analyn, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa chini ya Dindo mwaka wa pili, na mwaka jana alilazwa siku nne kwa figo, kwa kubana mkojo ili asivuke dakika zake. Marivic alimchukia Dindo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na aliona safari hii amempata.

Alimwendea Mwalimu Lito Tumulak, aliyefundisha saikolojia chuoni na ambaye hakuwa na deni la heshima kwa mtu yeyote wa kampuni. Lito alisoma rasimu yake ya kwanza akacheka mpaka akavua miwani.

"'Je, kiongozi wako alikudharau na kukulimbikizia kazi?' Dada yangu, hili si swali, hii ni hukumu. Umeshamfunga mtu, unamwomba shahidi akugongee muhuri tu."

"Lakini ni kweli."

"Kama ni kweli, itajitokeza bila wewe kuisukuma. Halafu humu mna maswali mawili. Aliyelimbikiziwa kazi lakini hakudharauliwa ajibu nini? Yagawe. Na usiwaulize wanajisikiaje, waulize nini kilitokea."

Wakaanza upya. Badala ya "Kazi ilikuwa nyingi?" wakaandika: "Katika wiki zako nne za mwisho, ulifanya kazi siku ngapi za mapumziko?" Likafuata: "Ulipokataa, au kama ungekataa, nini kingetokea?" Maswali mepesi yalitangulia, mazito yakaja katikati, mtu akishazoea. Dodoso lilitengwa kabisa na fomu ya kuondokea. Lingetumwa angalau wiki sita baada ya mtu kuondoka, barua yake ya utumishi ikiwa tayari kabatini kwake, na majibu yangekwenda kwa Lito chuoni, si kampuni. Hakuna jina. Hakuna kundi la chini ya watu watano ambalo lingeonyeshwa peke yake, na maneno ya mtu yasingenukuliwa kama yangeweza kumtambulisha. Walilijaribu kwa watu watano wa kampuni nyingine, wakafuta maneno mawili yaliyowachanganya.

Swali la nane lilikuwa la Marivic mwenyewe, na alijivunia. "Mambo yalipokuzidi, ulimwambia nani kazini? Mtu huyo alifanya nini?"

"Hili ndilo roho ya dodoso," Lito alisema. "Bila hili kampuni itasema ilikuwa haijui. Ukilitoa hili, yaliyobaki ni manung'uniko ya watu walioondoka."

Kilichobaki kilikuwa kuwafanya watu wajibu. Hapo ndipo Analyn alipoingia. Alikuwa na namba za wote arobaini na mmoja, akakaa kitandani na simu mbili siku tatu mfululizo kabla ya zamu yake.

"Jibu, we," Marivic alimsikia akimwambia mtu. "Hapana, Dindo haoni. Dada ndiye kalitengeneza. Dada yangu humjui? Hawezi kukuuza yule."

Walijibu ishirini na tisa. Hata Lito hakutegemea, maana mtu akishaondoka kwa kawaida hashughuliki na karatasi zenu. Alimwita Marivic chuoni Jumamosi, akamsogezea majedwali bila utani.

Dindo alikuwa amekwisha. Ishirini na sita walikuwa wamefanya kazi siku tatu au zaidi za mapumziko katika wiki nne. Kumi na tisa waliambiwa wajiondoe kwenye mashine inayohesabu saa za malipo, kisha waendelee na simu. Watu walioondoka wakiandika "kujiendeleza" tu sasa walikuwa wameandika kurasa. Marivic alisoma kwa furaha. Nisingemlaumu, nani hajawahi kufurahia adui akianguka?

"Sasa soma la nane," Lito alisema.

Wawili waliandika kwamba hawakumwambia mtu. Watano walimwambia mwenzao wa meza. Ishirini na wawili waliandika: Marivic, wa utumishi.

"Nilimwambia Marivic. Akaniambia nivumilie msimu wa likizo upite." "Nililia mbele ya Marivic, akaninunulia juisi." "Marivic alisema yeye yuko upande wangu na tusiyakuze." "Nilimuuliza kama ameandika malalamiko yangu, akasema ya nini kumwaibisha mtu."

Na alikuwa amesema hivyo, neno kwa neno. Pale ofisini mtu haaibishwi, mambo humalizwa pembeni kwa maneno matamu, na Marivic alijihesabu hodari wa maneno matamu. Alipokuwa akilitunga swali lile alimfikiria Madam Estrelita, aliwafikiria wakubwa. Juisi zile alizisahau kabisa. Daftari la malalamiko lilikuwa kabatini kwake, jeupe tangu ukurasa wa kwanza.

"Litaniua hili," alisema.

"Litakuumiza. Litamwondoa Dindo pia, maana linaonyesha taarifa ilifika utumishi mara ishirini na mbili. Hawataweza kulikwepa."

"Ripoti naandika mimi, mwalimu. Wewe ulikuwa msaidizi."

"Basi jina langu usiliweke," Lito akasema, akaenda kuwasha feni.

Marivic aliiandika Jumapili. Akajiambia hesabu peke yake inatosha. Akajiambia akifukuzwa yeye, nani atabaki kumlinda Analyn? Ukimsikiliza mtu mwenye woga, utashangaa jinsi anavyowapenda ndugu zake. Jedwali la nane hakulichora. La tisa akaliita la nane, na ripoti ikawa safi, haina hata alama ya kidonda.

Kwenye kikao cha kuamua cheo Dindo alikuja na biskuti za maembe kwa ajili ya wote. Madam Estrelita alisoma majedwali, akizidi kukaza uso, na kwa dakika kumi nzima Marivic aliamini kwamba ameshinda pande zote.

"Ni mambo mazito haya, Dindo," Madam alisema.

"Mazito sana, Madam. Yameniumiza." Na alionekana ameumia kweli. "Ila naomba kuuliza kitu kimoja tu kwa dada Marivic. Watu ishirini na tisa, dada. Wakati wakiwa hapa, kuna hata mmoja aliyewahi kuleta malalamiko utumishi?"

Chumba kilimgeukia. Dindo hakuwa na haraka, alikuwa akifungua biskuti.

"Maana mimi mlango wangu uko wazi," aliendelea, "na wako najua uko wazi, watu wanakupenda. Kama niliwatenda haya yote, hawakukuambia wewe?"

Marivic angeweza kusema hapo. Neno lilikuwa moja tu: walikuja. Jibu lenyewe lilikuwa kwenye mkoba wake miguuni, kurasa nne za majibu ya swali la nane.

"Daftari linasemaje, Marivic?" Madam aliuliza.

"Daftari halina kitu, Madam."

"Hakuna aliyekuja?"

"Hakuna."

Madam Estrelita alifunga ripoti. Alisema watu wakishaondoka husema mengi, kwamba kampuni haiwezi kumnyima mtu cheo kwa maneno yaliyokuja baadaye bila hata lalamiko moja la wakati ule. Dindo akamshukuru kila mtu kwa jina. Alipofika kwa Marivic alimwekea biskuti mbili mkononi, akamfunga vidole juu yake taratibu.

Jioni Analyn alikuwa akila kabla ya zamu, ngisi na wali uliofungwa kwa majani ya mnazi. Habari za cheo zilikuwa zimeshamfikia kwenye simu.

"Amepewa," alisema.

"Nilijitahidi, mdogo wangu. Walisema hakuna ushahidi kwamba watu walilalamika wakiwa kazini."

Analyn aliacha kutafuna. "Si kuna swali la nane?"

"Majibu yake yalikuwa machache. Hayakufaa kuwekwa."

"Machache."

"Watu hawakulijaza vizuri."

Analyn aliweka kijiko chini. Hakupandisha sauti, na Marivic angetoa chochote apandishiwe sauti.

"Dada, walinipigia. Wengi tu, kabla hawajatuma. Walikuwa wanaona aibu, wananiambia, tutamwandikaje dada yako na alitununulia juisi? Walitaka kuliacha wazi." Alikuwa akiyatazama majani matupu sahanini. "Mimi ndiye niliyewaambia waandike. Niliwaambia, andikeni jina lake, yeye ataliweka hivyo hivyo lilivyo. Niliwaapia."

Marivic alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya kutosha, kazi yake yote ilikuwa maneno, na akalichagua la kwanza lililokuja.

"Vumilia kidogo," alisema. "Nitazungumza naye pembeni."

Analyn aliosha sahani yake, akaikausha, akaiweka mahali pake. Akaenda chooni, akakaa humo muda mrefu, kama walivyozoea wote wa ghorofa ya saba kabla ya kuingia zamu. Kisha akavaa kitambulisho shingoni na kutoka, bila kumuaga.