Mabegi Yaliyopanda Lori

Uliwaona, usijifanye hukuwaona. Ulipita na gari lako kando ya uzio wa kambi, ukawakuta wamejipanga na ovaroli zao za rangi ya chungwa, ukasema, "Angalau wenzetu wana kazi," kisha ukapandisha kioo. Basi sikiliza habari ya mmoja wao, maana sikio halina kioo cha kupandisha.

Walimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukujua kulala. Alikuwa mdogo wa mume wa Mama Pacha, na Mama Pacha ndiye aliyemwombea kazi ya kuvuta nyaya. Wapimaji wanatafuta kilichomo chini ya miamba. Vibarua wanawatandazia nyaya juu ya uwanda kutwa nzima, jioni wanazikunja na kuzitia magunia. Uwanda wenyewe uko juu, mkavu, hauna hata mti wa kumficha mbuzi. Mchana jua linakula ngozi. Likizama, hakuna wingu la kulizuia joto lisipae, na alfajiri maji ya ndoo yanakuwa karibu kuganda.

Mama Pacha alikuwa katika msimu wake wa tatu huko, na uwanda ulikuwa umemfunza kwa viboko. Alivaa shati pana jepesi la mikono mirefu, na kofia ya ukingo mpana aliyoishonea kitambaa nyuma, kikaning'inia kufunika shingo na masikio. Begini alibeba vya jioni: fulana kavu, sweta nzito, koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu ya kuvuta mpaka masikioni, na skafu.

"Kabla jua halijazama unavua fulana ya jasho, unavaa kavu," alimwambia Redio siku ya kwanza. "Pamba ikilowa haikusaidii kitu. Inakunyonya joto."

"Shemeji, nimekuja kibaruani au nimekuja kuolewa? Nguo za kubadili mchana na jioni."

"Cheka tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Lakini alisikia. Alijishonea kitambaa kwenye kofia, kimepinda kama mkia wa mbwa, akajaza begi lake kama alivyoambiwa. Hilo likumbuke, kwa sababu baadaye walisema alikuwa mzembe.

Siku wageni wa kampuni walipokuja kupiga picha, nyapara aliwapanga asubuhi mbele ya lori.

"Leo sare tupu. Ovaroli na chepeo ya kampuni. Sitaki kuona vitambaa shingoni kama mmeumwa meno. Mabegi yote juu ya lori, mtayakuta mwisho wa mstari wa nyaya."

"Na jua la shingoni, mkuu?" Redio aliuliza.

"Jua ni la bure, kijana. Kampuni haikukati mshahara kwa ajili yake."

Watu wakacheka kicheko cha mtu anayeogopa kufukuzwa. Redio alimtazama shemeji yake, akingoja aseme neno. Mama Pacha alifikiria watoto, akafikiria mume aliyelala na mgongo wake mbovu, akanyamaza. Alichofanya ni kuzungusha skafu tumboni, ndani ya ovaroli, na kufunga zipu. Redio akalirusha begi lake juu ya lori pamoja na kofia yake ya mkia wa mbwa.

Ovaroli zile zilikuwa za pamba nzito, za kubana. Chepeo ilifunika paji la uso basi. Masikio na shingo vikabaki kama nyama juu ya jiko. Ilipofika adhuhuri shingo ya Redio ilikuwa nyekundu, imevimba, na ukosi mgumu unaisugua kila anapoinama. Wageni walipiga picha zao chini ya turubai, kwenye viti, wakanywa vya baridi.

Alasiri, kazi ikielekea ukingoni, walipita kwenye tangi la maji. Redio akafungulia bomba, akaingiza kichwa, akayaacha maji yamtiririke shingoni mpaka mgongoni, mpaka ovaroli ikashikamana naye.

"We, funga!" Mama Pacha akamvuta. "Hayo ungejimwagia saa sita, yakauke. Sasa jua limeshageuka."

"Shemeji, naungua. Niache nipumue. Si koti langu liko pale mbele?"

Pale mbele hapakuwa na lori. Palikuwa na alama za matairi tu. Lori lilikuwa limeondoka kupeleka viti na turubai la wageni kwenye uwanja wa ndege, na mabegi yako juu yake. Nyapara, yeye akiwa amevaa koti, akapiga simu ya upepo, akasema, "Vumilieni kidogo, naenda kulileta," akaingia kwenye gari dogo, akaenda zake.

Jua likazama kama limekatwa kamba. Upepo ukaanza. Wote walikuwa na jasho mwilini, lakini Redio alikuwa amelowa chapachapa. Walijaribu moto, nyasi ziliwaka kama karatasi na kwisha. Mwanzoni alitetemeka huku akisema.

"Shemeji, meno yangu yanapiga ngoma. Tafuta wachezaji."

"Ongea. Endelea kuongea."

Akaongea. Kisha maneno yakaanza kuburuta miguu, kama ya mlevi. Akajaribu kufungua zipu na vidole vikamkataa. Kisha kutetemeka kukakoma, na Redio akanyamaza. Mwenzao mmoja akasema, "Afadhali, ametulia." Mama Pacha akamsukuma kando.

"Hajatulia huyu. Anakwisha. Mvueni!"

Wakamvua ile ovaroli iliyolowa. Mama Pacha akaitoa skafu, bado ina joto la tumbo lake, akamfunga kichwa, masikio na shingo, akabakiza uso. Wakatandika magunia makavu ya nyaya chini, wakamfunika kwa mengine, wakalala wamembana pande zote. Mmoja alitaka kumsugua miguu. Mama Pacha akamzuia: "Usimsugue, damu ya baridi itamkimbilia moyoni." Kwa saa nyingi alimpumulia sikioni, akimtaja mama yake, akimwambia matusi ili ajibu. Skafu moja haiwezi kufanya kazi ya sweta, koti na nguo kavu.

Lori lilipofika, mabegi yalikuwa juu, yamepangwa vizuri. Walimvalisha vyake, wakampakia. Mama Pacha alimsihi dereva aende polepole, maana mtikiso unaweza kuusimamisha moyo uliopoa. Dereva alikuwa ameshaamriwa awahi. Redio alikata roho njiani, juu ya lori lile, ndani ya sweta yake mwenyewe.

Afisa usalama alikuja na viatu safi. "Pole sana mama. Lakini mashahidi wanasema alijimwagia maji mwenyewe."

"Alijimwagia," Mama Pacha alisema. "Na shingo yake nani aliivua kitambaa? Na begi lake nani alilipeleka uwanja wa ndege pamoja na viti?"

Afisa akatazama saa yake.

Walimzika. Mume wa Mama Pacha hakumlaumu mkewe, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Mama Pacha aliporudi kambini, nyapara alikuwa palepale mbele ya lori, sauti ileile. "Mabegi juu." Vibarua wakaanza kurusha. Mama Pacha alisimama na begi mgongoni, kofia yake kichwani, kitambaa kimefunika shingo.

"Mama, begi."

"Halipandi."

"Basi na wewe hupandi. Wanaotaka kazi wamejaa mlangoni."

"Nililinyamazia siku ile, nikazika. Leo litabaki hapa mgongoni."

Akakaa chini, mbele ya gurudumu. Binti mmoja wa zamu yake akalishusha begi lake, akakaa naye. Kisha mwanamume mmoja. Waliobaki walisimama wakitazama vidole vyao vya miguu. Nyapara akamwamuru dereva awashe injini.

Wako watatu tu mbele ya gurudumu, na kesho wengine wataletwa kuchukua nafasi zao. Labda ni mdogo wako, labda ni shemeji yako, labda ni wewe. Usiniambie umesikitika. Inuka sasa hivi, nenda kwenye uzio ule ulioupita, kaa nao chini. Na kama umeshaajiriwa, shusha begi lako kutoka kwenye lori kabla halijaondoka.