Mwaka wa Kuzaliwa

Mwaka 2002 zahanati ilipata kompyuta, na Hosea akapewa kazi ya kuingiza kadi zote za zamani. Zikishaingia, kadi zingefungiwa stoo, na manesi wangetegemea kilichoandikwa mle.

Kwa hiyo kila kitu alichonakili, jina, mwaka wa kuzaliwa, mzio wa dawa, alikiwekea namba yake: moja kama ana hakika, mbili kama anasoma kwa tabu, tatu kama anakisia. Vyenye tatu vilikwenda kwenye orodha fupi, pamoja na sababu ya shaka, ili Sista Theodora avikague kila Ijumaa.

Orodha ikawa fupi kwa jina tu. Kabla ya kukusanywa, kadi zilikaa jikoni kwa watu, zikapata moshi na utomvu wa ndizi, na kinachofutika kwanza ni miaka. Sista alikuwa na wodi nzima ya wagonjwa na subira kidogo mno. Akachukua kalamu, akakata miaka yote ya kuzaliwa.

“Mwaka haujawahi kuua mtu,” alisema. “Niletee dawa na mzio.”

Hosea alijaribu kumweleza, akaambiwa asibishane. Naye hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa, basi akarudi kwenye kadi zake.

Huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu. Kila mtu analijua hilo, ndiyo maana ni rahisi kulisahau.

Mwezi wa saba Eliona Lyimo, mtoto wa miaka mitano, aliletwa na shangazi yake akihema kwa nimonia. Mama yake, Aikaeli, alikuwa amekwenda Tarakea sokoni. Sista aliuliza kama mtoto ana mzio, shangazi hakujua. Sista akatazama kompyuta. Alikuwamo Eliona Lyimo mmoja tu, wa mwaka 1931, mwenye mzio wa penisilini. Huyo alikuwa mzee, na Sista mwenyewe alihudhuria mazishi yake. Akamfungulia mtoto ukurasa mpya, akamchoma penisilini.

Walimpa adrenalini, wakampa hewa, wakahangaika naye. Hakurudi.

Aikaeli alifika jioni. Hakulia, na hilo lilitutisha zaidi.

“Nilimwambia nesi tangu mwaka juzi,” alisema. “Akaandika kwenye kadi. Nilimwona.”

Hosea alikwenda stoo akarudi na kadi. Mzio ulisomeka vizuri kabisa. Kwenye mwaka ilibaki kumi na tisa, kisha doa la utomvu. Sista akaomba orodha ya Ijumaa ile alipokata miaka, akatafuta mistari aliyoikata kwa mkono wake. Akausoma mmoja, kisha akaketi sakafuni pembeni ya kitanda.

Ulisema: Eliona Lyimo, mwaka wa kuzaliwa, 1931, tatu. Sababu: nimekisia mwaka wa babu, huenda kadi ni ya mjukuu.