Herufi za Mkono wa Kushoto

Dada mmoja alikuja studio yangu ya picha Jumanne asubuhi, sijamaliza hata kufagia. Alinionyesha picha kwenye simu yake: mwanamume wa makamo ndani ya ovaroli safi, ameshika keki nyeupe mbele ya kifua. Juu ya keki, kwa krimu ya buluu, palikuwa pameandikwa "Pona upesi Fundi".

"Kaka yangu huyu," alisema. "Anafanya kazi mbali. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mama, huandikisha keki, anapiga nayo picha na kututumia. Mwaka huu kazi zimembana. Nataka ufute hayo maneno, uandike 'Mama hongera miaka 70'."

"Kwani alikuwa anaumwa?"

"Kaoperesheni kadogo tu. Yalishapita." Alisema hivyo huku akiangalia feni ukutani.

Alitaka picha kubwa, kwenye fremu, na Jumamosi mchana niende nayo nyumbani kwao nikiwa na kamera, kwa sababu kungekuwa na sherehe ndogo. Nikakubali. Kazi ya namna ile naipenda.

Watu wengi hudhani ukichagua mwandiko wa madoido kwenye kompyuta, basi, umemaliza. Jaribu uone. Herufi zinalala juu ya keki kama stika. Krimu inayokamuliwa kutoka kwenye mfuko ni kamba: ina mgongo unaong'aa, ina ubavu wenye kivuli. Pale mkono unapoanza kuna kinundu, pale unapoinuka kuna ncha ndogo iliyochongoka. Tena hakuna "a" mbili zinazofanana, na maneno yangu yalikuwa na "a" tano.

Nilianza kwa kufuta. Nilichukua vipande vya krimu safi pembeni mwa keki nikavipandikiza juu ya herufi, kidogo kidogo, nikiacha mikwaruzo ya kisu cha kupakia, maana keki laini mno inajishtaki yenyewe. Rangi ya buluu ilikuwa imevuja kidogo kandokando ya kila herufi. Ule ukungu nao nikauondoa.

Kisha nikatafuta herufi za kweli. Studio hii niliinunua miaka minne iliyopita, nilipohamia mjini, kwa mzee aliyeniachia picha zake zote: harusi, ubatizo, mahafali. Nikapekua keki ambazo mwanga wake ulitoka kushoto, kama kwenye picha ya kaka. Neno "hongera" nililipata zima. "M" niliitoa kwenye "Maharusi". Ilikuwa M ya ajabu, kinundu cha mwanzo kiko mguu wa kulia, lakini nikaipenda hasa kwa sababu hiyo. Ilionekana imeandikwa na mtu. Nikazigeuza zote kuwa buluu, nikazilaza kufuata mlalo wa keki, zile za nyuma nikazipunguza na kuzififisha kidogo, nikaweka kivuli upande wa kulia. Mwisho nikaongeza chembechembe za picha ya simu ili mapya yasiwe safi kuliko ya zamani. Nilijipigia makofi peke yangu.

Jumamosi nikafika. Sebule ndogo, makochi yamevalishwa vitambaa, majirani watano sita, na Bi Mkubwa mwenyewe, mama yao, amekaa karibu na dirisha. Dada alininong'oneza mlangoni, "Taratibu na mama, moyo wake ulitusumbua sana mwaka huu." Kisha akamkabidhi fremu.

"Mwanao hajakusahau, mama."

Bi Mkubwa alicheka. Alipapasa uso wa mwanawe kwenye kioo, akasema amekonda. Kisha akaishusha picha magotini, akavaa miwani, akainamia keki. Kicheko kikakatika.

"Nani ameandika hii?"

"Wauza keki wa huko huko, mama," dada alijibu.

"Hapana." Alinyoosha kidole. "Hii M imeanzia kulia. Mimi ndiye ninayeanza hivi, kwa sababu natumia shoto. Na hapa mgongoni pana mfereji, unauona? Kile kibati cha ncha ya mfuko wangu kilibonyea kikachora mfereji kwenye kila herufi. Sikukibadilisha mpaka naacha kazi."

Jirani mmoja alijaribu kucheka. "Mama Keki bwana, hata siku yake anakagua keki za watu!"

Mama Keki. Kumbe zile keki zote kwenye picha za yule mzee, nusu ya harusi za mji huu, zilipita mikononi mwa huyu mama. Nami nilikuwa nimekata mkono wake vipande vipande, nikaunga, nikamrudishia.

"Nimeacha kuandika keki miaka sita," alisema, sauti ya chini kabisa. "Itakuwaje mkono wangu uko huko, wiki hii, unanipongeza mimi mwenyewe?"

Akanigeukia. "Umeileta wewe. Ni kazi yako?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Nilidhani ni..."

"Kabla hujaandika, palikuwa pameandikwa nini?"

Nilimtazama dada. Alikuwa anatikisa kichwa. Lakini yule mama alikuwa ananiangalia machoni, na mimi uongo wa macho kwa macho ulinishinda.

"Pona upesi Fundi."

Alirudia maneno yale polepole, kama anayeyakamua kutoka kwenye mfuko. Kisha akamwita binti yake kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

"Mwanangu yuko wapi?"

Dada alianguka magotini hapo hapo kwenye zulia. "Mama, tusamehe. Daktari alisema usishtushwe."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Ametutoka, mama. Miezi mitatu sasa."

Nilisikia kitu kinavunjika, nikadhani ni fremu. Ilikuwa glasi ya jirani. Mimi nilisimama na kamera shingoni kama mjinga. Nilikuwa nimeing'arisha ile krimu siku mbili nzima, nikimsifu jamaa kwa tabasamu lake, na jamaa yuko ardhini.

"Miezi mitatu," Bi Mkubwa alisema. "Ile semina yako ya kazini, uliyokwenda na mjomba wako?"

"Ndiyo yalikuwa mazishi."

Hakupiga kelele. Hakuanguka, ingawa watu wawili walikuwa wamekwisha kumshika mabega. Aliwaondoa mikono. Aliuliza nani alimwosha mwanawe, akajibiwa. Aliuliza kama mvua ilinyesha siku ile. Kisha akaomba aachwe peke yake, naye dada alipotaka kubaki, akamwambia, "Hata wewe."

Jumatatu alinipigia simu mwenyewe. Alitaka ile picha ya mwanzo, vile ilivyokuwa, nisiguse kitu. Nilimpelekea jioni. Nilipojaribu kuomba radhi alinikatiza: "Wewe ulitumwa. Kazi yako nzuri, ndiyo ubaya wake." Dada alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele, macho yamevimba, mama yake alimpita bila neno.

Bi Mkubwa aliisogeza picha dirishani, akaichunguza. Herufi za "Pona upesi" zilikuwa zimelalia upande mmoja, na neno "Fundi" lilikuwa limebanwa ukingoni kwa kukosa nafasi.

"Walimnunulia wenzake wa kazini?"

"Dada anasema waliiandika wenyewe, kantini."

"Inaonekana. Hawajui kabisa." Kidole chake kilifuata herufi moja baada ya nyingine juu ya karatasi, mpaka ile ya mwisho iliyokuwa inakaribia kudondoka kwenye keki. "Walikuwa na haraka ya kumwahi," alisema, na ndipo akaanza kulia.