Kinachokwenda Mbio

Mimi si mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Mjinga husamehewa. Mimi nilifanya utafiti.

Ilikuwa Januari 1985, mfumo mpya wa shule, wenye masomo ya kazi za mikono, ukiwa ndiyo habari ya mjini. Nilikuwa mjane wa miaka mitatu, na kilichonilisha mimi na mwanangu Githinji ni cherehani aliyoniachia mama. Niliiweka barazani kwangu, mtaani Munyaka, nikishona viraka hadi mgongo ukawa adui yangu. Nikasema basi, nitafungua duka. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba mwenye duka hauzi anachopenda, huuza kinachotakiwa, na wanaojua kinachotakiwa ni wauza jumla na madereva wanaowapelekea watu mizigo. Kwa hiyo nikaenda kuuliza.

Nilianza kwa Wanyama, karani wa stoo kwenye duka moja la jumla mjini.

"Ni nini inaenda mbio siku hizi?"

"Uzi ya kudarizi, Mama Githinji. Na vitambaa. Watoto wameambiwa wabebe shule. Haikai stoo hata siku mbili."

Sikutaka kumwamini mtu mmoja tu. Alhamisi nikamngoja Ouma, dereva wa lori la duka hilohilo. Kila Alhamisi, akitoka Moiben, alipita kwangu na furushi la sare za shule zilizochanika. Akina mama wa kule walimpa azilete kwa fundi mjini, na fundi ni mimi. Nilikuwa nimeshika kaptura iliyoachia makalio nilipomuuliza ameshusha nini kwa wingi wiki hiyo.

"Uzi, mama. Turbo katoni kumi, Moiben sita. Hiyo uzi inaenda kama maji."

"Una hakika?"

"Si mimi ndiyo nabeba? Haya, hizi nguo Alhamisi ijayo zitakuwa tayari? Hao wamama wananisumbua, kila wiki wanaongeza."

"Wangoje," nikamwambia. "Mimi naacha mambo ya viraka."

Jirani yangu Warigia, muuza maziwa, alikuwa amekaa pale akisikiliza. Nilipotangaza kwamba nauza cherehani, aliinunua siku hiyohiyo. Nilimsihi anitunzie hadi shule zifungwe Aprili, nikipata pesa niikomboe. Akakubali. Warigia ni mtu wa neno lake, lazima niseme hivyo ingawa sipendi kumsifu.

Nilikodi kibanda, nikakijaza uzi wa rangi zote na vitambaa. Wiki ya kwanza ya Februari niliuza vizuri, nikaimba. Wiki ya pili walikuja wawili. Machi ilikwisha sijakata hata kitambaa kimoja. Mtoto akishanunua uzi wake wa mwaka, atarudi kutafuta nini? Na wenye maduka wa Turbo na Moiben walikuwa bado na katoni zao, zimejaa vumbi kama zangu.

Nilimwendea Wanyama nikiwa nimefura kwa hasira.

"Mama," akasema, hata hakuinua macho kwenye daftari lake, "uliniuliza ni nini inaenda mbio. Ilikuwa inaenda mbio. Hukuniuliza kama wale walibeba wamerudi kuongeza."

"Na wamerudi?"

"Hata mmoja."

Nilimwomba aupokee tena mzigo nilioununua kwao. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akaendelea kuandika.

Shule zilifungwa. Alhamisi iliyofuata asubuhi, kabla ya kuanza safari, lori la Ouma lilisimama mbele ya nyumba ya Warigia badala ya yangu. Nilitoka nikakuta cherehani ya mama inapandishwa juu, imefungwa kwa blanketi.

"Nilingoja mpaka Aprili," Warigia akasema. Aliona haya, nami nikaona haya zaidi. "Dada yangu anaipeleka Moiben."

"Kufanya nini?"

"Kushona sare. Siku ile ulisema unaacha viraka, ulipoingia ndani, nilimuuliza Ouma kitu moja tu. Si kile anashusha. Nilimuuliza watu humtuma nini, kile hakuna huko kwao."

Ouma aligeuka upande mwingine, akajifanya anakaza kamba.

Miaka miwili lile furushi lilikuja mlangoni kwangu kila Alhamisi. Nilikuwa nalo mapajani, sindano mkononi, nikimuuliza mwenye kulileta watu wanataka nini. Nililia palepale barabarani, mama mzima.

Kabla ya kuwasha lori, Ouma aliteremka akanijia polepole.

"Mama Githinji, huyo dada ameniambia nimnunulie uzi. Uko nayo?"

Nilikimbia kibandani nikarudi na katoni nzima. Aliifungua, akachambua rangi zile zote, akaifunga tena taratibu.

"Hii ni ya kudarizi, mama," akasema. "Yeye anataka ya cherehani."