Kaya 196, Si 384

Kanyenye, Tabora

Mwalimu Zuwena, shikamoo.

Umeniagiza nirudishe kaya 384 kwenye tasnifu kabla ya Ijumaa, la sivyo hutasaini na sitahitimu mwaka huu. Sirudishi, na sababu ni hizi.

Kaya tulizichagua kwa kura kutoka orodha ya kijiji, huko Kaliua, mtu mmoja kila kaya. Swali lilikuwa moja: wiki hii ya kuchuma tumbaku, umetapika au kupata kizunguzungu baada ya kushika majani mabichi? Msaidizi wangu Kornel alikuta nyumba nyingi zimefungwa, wenyewe wamehamia mashambani. Jirani akamwita, "Karibu ukae, nitawajibia. Sisi na wao ni kitu kimoja." Huku kwetu kumkatalia mtu wa namna hiyo ni ukorofi. Kornel alikaa, akala karanga, akajaza dodoso.

Msimu ulipokwisha nilikwenda kuwasomea wanakijiji matokeo: robo tu wameugua. Mama mmoja, Paskazia, akasimama.

"Mimi nilitapika mpaka nyongo. Mmeniweka wapi?"

Baada ya mkutano nikatafuta dodoso lake. Lilisema mzima. Pembeni Kornel alikuwa ameandika, bila kuficha lolote, kwamba aliyejibu ni jirani. Nilipekua yote, yakatoka 188 ya namna hiyo. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, nikayaondoa. Kurudi kuuliza nisingeweza, maana nani anakumbuka vizuri kizunguzungu cha miezi mitatu iliyopita?

Hasara naijua, huhitaji kunitisha nayo. Kwa kaya 384 tungekosea asilimia tano hivi juu au chini. Kwa 196 ni saba. Kwa hiyo waliougua ni asilimia 41, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya 34 na 48. Nikitenga wanawake na wanaume, kila kundi linabaki na watu mia hivi, na makosa yanafika kumi. Ulinganisho ule ulioutaka umekufa, nimeufuta.

Tena kuna baya zaidi. Waliobaki ni wale waliokutwa nyumbani. Walioshinda kwenye tumbaku kutwa kucha ndio waliokosekana, na ile saba haipimi pengo hilo hata kidogo. Huenda wagonjwa ni wengi kuliko ninavyosema. Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa kwanza wa matokeo, si kwenye kiambatisho.

Unasema 384 ndiyo idadi iliyopitishwa. Iliyopitishwa ni ya watu watakaojisemea wenyewe. Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hizi, na inaniuma kukuandikia hivi, lakini sitapunguza ugonjwa wa watu ili nivae joho.

Ijumaa nitaleta tasnifu yenye kaya 196. Usiposaini, naomba uandike sababu, kama mimi nilivyoandika yangu.

Mwanafunzi wako,
Recheli