Kidole Gumba

Mimi kitu kisichojumlika huniwasha mwili mzima. Ndiyo maana pale kwenye chama chetu cha akiba na mikopo wananiita Mama Jumlisha, na meneja akiniona na kikokotoo huguna.

Asubuhi hiyo programu inayosoma picha za hati za mshahara ilikuwa imekataa picha ya hati ya mlinzi mmoja wa ghala. Mshahara kabla ya makato: 840,000. Kodi 61,000, pensheni 84,000, bima ya afya 25,200. Jumla ya makato: 202,200. Anachopokea: 637,800.

"Makato matatu yanaleta 170,200," meneja akasema. "Hati ya kughushi hiyo. Mkopo hapati, na uanachama tunamfuta."

Mlinzi alikuwa ameketi mbele yetu, kofia magotini. Alitaka laki sita. Binti yake alitakiwa kuripoti chuoni Ijumaa. "Wallahi sijaghushi kitu, mama," akaniambia.

Nilianza kwa kulinganisha tarakimu na picha, maana programu ile huona tatu ikasoma nane. Zote sawa. Nikatoa jumla ya makato kwenye mshahara: 637,800 kamili. Sasa hapo ndipo nilipowashwa. Mwizi gani huyu anayejipunguzia mshahara? Pengo lilikuwa 32,000, na lilikuwa kwenye orodha ya makato tu.

Nikaikuza picha. Karatasi nyembamba kama risiti, na chini ya bima, dude jeusi limelala kutoka ukingo hadi ukingo.

"Baba, hiki si kidole chako?"

"Karatasi inajikunja, mama. Lazima uishike."

"Haya, nipe karatasi yenyewe."

Mstari wa nne huo hapo: deni la sare, 32,000. Yote yakajumlika. Meneja akakohoa, akavuta muhuri. Mimi nikashangilia kama mtoto, kumbe mlinzi kakunja uso.

"Sare? Si walisema watakata miezi sita? Hizi nimevaa mpaka viwiko vimetoka."

"Hukuona?"

"Mimi hutazama pale chini tu, kilichobaki."

Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye hati zake zote. Tukazipanga mezani, hata meneja akavua koti akasaidia. Mstari wa sare ulikuwamo kwenye hati ishirini na sita. Toa sita za halali, zabaki ishirini. Mara 32,000.

"Laki sita na arobaini elfu," nikasema. Hamu yote iliniisha. Hesabu ilikuwa sahihi kila mwezi, na kila mwezi alikuwa anaibiwa.

Meneja akagonga muhuri wa kukubali mkopo, akaanza kuandika barua kwa mwajiri. Mlinzi hakutazama muhuri. Alikuwa ameishika hati ya mwaka jana, kidole gumba palepale.

"Mwaka jana mwanangu alikosa chuo kwa laki mbili," akasema. "Nikamwambia sina."